Kitenzi kinachoficha matokeo: namna ya kuandika ikisiri bila "kuzamia", "kusisitiza" na "kukuza"

Soma ikisiri hii. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya somo hili, ila yeyote anayepokea makala za kitaaluma kwa kazi hatashangaa kuiona:

"Makala haya yanazamia kwa kina suala la vikundi vya kujisomea miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwa kutumia mkabala wa kiidadi, utafiti unaangazia nafasi ya vikundi hivyo katika safari ya kitaaluma ya mwanafunzi. Matokeo yanasisitiza umuhimu wa ushirikiano na yanadhihirisha kuwa vikundi vya kujisomea vinakuza ufaulu. Makala yanapendekeza wadau waweke mazingira wezeshi yatakayochochea utamaduni wa kujisomea kwa pamoja."

Sarufi haina kasoro na sentensi zinateleza vizuri. Sasa ifunike kwa mkono ujibu: wanafunzi walikuwa wangapi? Ufaulu ulipimwaje? Vikundi vililinganishwa na nini, na tofauti ilikuwa kubwa kiasi gani? Hujui. Sentensi nne zimepita na hakuna hata moja iliyokuambia jambo ambalo hukuweza kulikisia kutoka kwenye kichwa cha makala.

Wanaoandika kwa Kiingereza wana ndugu wa vitenzi hivi: delve, underscore na foster. Watafiti wakiongozwa na Dmitry Kobak wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, walipitia ikisiri zaidi ya milioni 15 za tiba na baiolojia zilizomo kwenye hifadhidata ya PubMed, kuanzia mwaka 2010 hadi 2024. Walikuwa wanatafuta maneno yaliyopanda ghafla kuliko mwenendo wake wa kawaida. Wakati wa janga la korona maneno yaliyopanda yalikuwa majina ya vitu, kama kirusi chenyewe na dawa ya remdesivir. Mwaka 2024, baada ya programu za kuandika kama ChatGPT kuenea, yaliyopanda kwa sehemu kubwa yalikuwa vitenzi na vivumishi vya mapambo, na delve ikiwa kinara miongoni mwao. Wakakadiria kwamba angalau asilimia 13.5 ya ikisiri za mwaka huo zilipitishwa kwenye programu hizo.

Ninautaja utafiti huo kwa sababu ya ule ulinganisho. Maneno ya korona yalipanda kwa kuwa kulikuwa na kitu kipya cha kutaja. Vitenzi vya 2024 vilipanda bila kuwa na kitu nyuma yake. Lakini tusiisingizie mashine peke yake. Ugonjwa huu ni wa zamani, na waandishi wengi walikuwa nao kabla ya programu yoyote kuwasaidia. Pia neno moja si ushahidi wa kumhukumu mtu kwamba hakuandika mwenyewe. Wapo waliolipenda neno hilo tangu shuleni. Mimi kama mhariri siulizi nani ameandika. Nauliza kitenzi kimeficha nini, maana kila kimoja kati ya hivi vitatu kinaficha kitu tofauti.

"Kuzamia" kinaficha njia. Mtu hawezi kuzamia suala. Anaweza kuhoji watu, kupima damu, kuhesabu mimea kwenye kiwanja, kulinganisha matini mbili, kuchambua upya data za sensa. Kila kitenzi katika hivi kinamwonyesha msomaji mikono ya mtafiti ikifanya kazi. Jaribio langu ni jepesi: je, mtafiti mwingine akipewa sentensi hii pekee, atajua aanzie wapi akitaka kuirudia kazi? "Tulizamia suala la vikundi" hakumpeleki popote. "Tuliwapa hojaji wanafunzi 412, kisha tukachukua alama zao za mtihani" kunampeleka. Hapa ndipo wengi wanapokosea wanaporekebisha: wanatoa "kuzamia" wanaweka "kuchunguza", au "kuangazia", na kudhani wamepona. Wamebadilisha shati tu. Ukiona kitenzi kipya kinaingia mahali pa kile cha zamani bila neno lingine lolote kwenye sentensi kubadilika, ujue hakuna kilichorekebishwa.

"Kusisitiza" kinaficha matokeo yenyewe. Matokeo hayasisitizi chochote. Mwandishi ndiye anayesisitiza. Matokeo huwa ni kiasi, tofauti, mpangilio au kutokuwepo kwa kitu kilichotarajiwa. Unaposoma "matokeo yanasisitiza umuhimu wa ushirikiano", jiulize matokeo gani yangeweza kuupinga umuhimu huo. Kama huwezi kuyafikiria, basi sentensi hiyo ingeandikwa hata kabla data hazijakusanywa, na mara nyingine ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2010 Isabelle Boutron na wenzake walichapisha uchambuzi wa ripoti 72 za majaribio ya tiba ambayo matokeo yake makuu hayakuonyesha tofauti ya kitakwimu. Katika zaidi ya nusu ya ripoti hizo, asilimia 58, hitimisho la ikisiri lilipambwa kwa namna iliyoyafanya matokeo yaonekane mazuri kuliko yalivyokuwa. Vitenzi vya kusisitiza ni zana rahisi mno kwa kazi hiyo, kwa sababu vinaingiza hukumu ya mwandishi mahali ambapo msomaji anategemea kukuta kipimo.

Kitenzi cha tatu ndicho kinachoninyima usingizi. "Kukuza", pamoja na jamaa zake "kuchochea", "kuimarisha" na "kuchangia", kinadai kwamba kitu kimoja kimesababisha kingine. Kinafanya hivyo kwa sauti ya chini kiasi kwamba hata mwandishi mwenyewe hasikii. Angeandika "vikundi vya kujisomea vinasababisha alama kupanda", angesita, na msimamizi wake angemuuliza umejuaje. Akiandika "vinakuza ufaulu", wote wawili wanaitikia kwa kichwa na kuendelea na safari.

Tuirudie ile ikisiri yetu tuone kilichokuwa ndani. Tuseme utafiti ulikuwa hivi. Hojaji ilitolewa mara moja, mwishoni mwa mwaka, kwa wanafunzi 412 wa vyuo viwili. Wanafunzi 168 walisema walihudhuria kikundi angalau mara moja kwa wiki, na 244 wakasema hawakuhudhuria. Wastani wa alama za mtihani ulikuwa 61 kwa kundi la kwanza na 57 kwa la pili. Tofauti ni pointi 4, na hapo ndipo "vinakuza" ilipozaliwa.

Lakini nani anajiunga na kikundi? Hakuna aliyewapanga wanafunzi hawa kwa kura. Kila mmoja alijiamulia. Inawezekana kabisa waliojiunga ni wale waliokuwa wakifaulu tangu zamani. Mwandishi wetu alikuwa na alama walizoingia nazo chuoni, na kwenye jedwali la nne la makala yake alishafanya hesabu ya kuzizingatia. Baada ya hesabu hiyo tofauti ilishuka kutoka pointi 4 hadi pointi 1.5, na kwa uhakika wa asilimia 95 thamani halisi ilikuwa mahali fulani kati ya −0.8 na 3.8. Masafa hayo yanapita kwenye sifuri. Kwa maneno mengine, data zake zinakubaliana na vikundi kuongeza pointi tatu na ushei, zinakubaliana na vikundi kutoongeza kitu, na hazikatai hata kwamba vinapunguza kidogo. Jambo hilo lilikuwa kwenye jedwali, halikuwa kwenye ikisiri, na wengi wangesoma ikisiri tu.

Ikisiri iliyosahihishwa ingesomeka hivi:

"Tulilinganisha alama za mtihani wa mwisho wa mwaka za wanafunzi 412 wa mwaka wa kwanza katika vyuo viwili. Kwenye hojaji iliyotolewa mwishoni mwa mwaka, wanafunzi 168 walisema walihudhuria kikundi cha kujisomea angalau mara moja kwa wiki na 244 walisema hawakuhudhuria. Wastani ulikuwa alama 61 kwa waliohudhuria na 57 kwa wasiohudhuria. Tulipozingatia alama walizoingia nazo chuoni, tofauti ilishuka hadi pointi 1.5 (uhakika wa asilimia 95: −0.8 hadi 3.8). Waliohudhuria walikuwa tayari na alama za juu walipoingia chuoni. Data hizi hazitoshi kuonyesha kuwa vikundi vinaongeza alama."

Imekuwa ndefu kidogo kuliko ya mwanzo, na bado iko mbali na ukomo wa maneno 250 au 300 ambao majarida mengi huweka. Wadau na mazingira wezeshi wameondoka bila kufukuzwa. Hawakuwa na pa kukaa tena, kwa kuwa hakuna matokeo ya kuwapa kazi. Angalia pia vitenzi vilivyobaki: tulilinganisha, walisema, ulikuwa, ilishuka, hazitoshi. Ni vya kawaida mno, na "walisema" kimebeba mzigo mkubwa, kwa sababu kinamkumbusha msomaji kwamba mahudhurio hayakuhesabiwa na mtu bali yaliripotiwa na mwanafunzi mwenyewe.

Je, "kukuza" kinakatazwa kabisa? Hapana. Kama wanafunzi wangepangwa kwa kura, nusu wawekwe kwenye vikundi na nusu wasiwekwe, na tofauti ikabaki, mwandishi angekuwa na haki ya kudai usababishi. Hata hivyo ningemwomba aandike "viliongeza wastani kwa pointi kadhaa", maana kitu kinachokua kina kiasi, na kiasi hicho anacho. Kwa majaribio ya namna hiyo upo hata mwongozo wa ikisiri, ule wa CONSORT uliotolewa mwaka 2008, unaotaka zitajwe idadi ya walioingizwa katika uchambuzi, ukubwa wa tofauti na masafa yake. Ukiufuata, nafasi ya vitenzi vya mapambo inaisha yenyewe.

Wenzangu wa fasihi na historia hunijia na lalamiko la haki: sisi hatuna pointi 1.5, tuandike nini? Usahihi kwao ni kutaja kilichosomwa na kudai jambo ambalo mtu anaweza kulipinga. "Makala yanazamia taswira ya mama katika ushairi" haliwezi kupingwa na yeyote. Linganisha na hili, ambalo pia ni la kutunga: "Nimesoma mashairi 37 ya washairi watatu. Katika 29 mama hazungumzi. Anazungumziwa na mwanawe. Ninadai kwamba ukimya huo unatokana na umbo la shairi la wasia, wala si msimamo wa washairi kuhusu wanawake, kwa sababu katika mashairi manane yasiyo ya wasia mama huyo huyo anajisemea mwenyewe." Msomaji anaweza kufungua mashairi hayo manane na kubisha.