Faili la wanachama likienda kwa mtu asiyehusika: ujumbe wa kwanza uandikwe vipi

Tuchukue mfano wa saccos ya wafanyakazi yenye wanachama 3,200. Jumatatu jioni karani wa mikopo anaandaa orodha ya makato ya mwezi ili aipeleke kwa mhasibu wa mwajiri. Anaandika herufi tatu za mwanzo za jina, barua pepe inamalizia anwani yenyewe, naye anatuma na kwenda zake nyumbani. Asubuhi mhasibu anapiga simu kuuliza orodha iko wapi. Ndipo inagundulika kwamba faili lilikwenda kwa muuzaji wa vifaa vya ofisi, ambaye jina lake linaanza kwa herufi zilezile tatu. Ndani ya faili kuna jina kamili la kila mwanachama, namba yake ya simu, namba ya NIDA, akiba aliyonayo na deni la mkopo analodaiwa.

Hakuna mdukuzi hapa wala mtambo ulioharibika. Matukio mengi ya taarifa kuvuja huanza hivihivi, kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Lakini angalia ujumbe ambao taasisi nyingi zingetuma siku hiyo: "Ndugu Mwanachama, tunapenda kukujulisha kuwa kumetokea changamoto ya kiufundi katika mifumo yetu. Usalama wa taarifa zako tunauchukulia kwa uzito mkubwa. Hatua stahiki zimechukuliwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

Mwanachama akiusoma anajiuliza jambo moja tu: hela yangu ipo? Ujumbe haujamjibu, basi anapiga simu ofisini, anakuta laini ina shughuli, anahamia kwenye kundi la WhatsApp la idarani na kukuta mwenzake ameshaandika kwamba saccos imeibiwa. Kufikia mchana kuna foleni ya watu wanaotaka kutoa akiba zao. Tena ujumbe wenyewe si wa kweli, kwa sababu hakukuwa na tatizo lolote la kiufundi. Neno "changamoto" limezoeleka mno maofisini, na kwa maoni yangu lisionekane kabisa katika taarifa ya namna hii.

Kabla ya kuandika chochote, kuna kazi ya saa moja au mbili ambayo haikwepeki. Fungua faili lenyewe lililotumwa, kutoka kwenye folda ya barua zilizotoka. Usifungue nakala iliyoko kwenye kompyuta ya karani, maana huenda ameshaibadilisha. Hesabu mistari. Angalia chini kama kuna kurasa nyingine ndani ya faili hilohilo. Kisha fichua safu zilizofichwa. Watu wa hesabu hupenda kuficha safu wasizozihitaji ili orodha ichapike vizuri, na safu iliyofichwa husafiri pamoja na faili kama kawaida. Katika mfano wetu, safu mbili zilikuwa zimefichwa: jina la mdhamini wa mkopo na simu yake. Kwa hiyo walioguswa hawaishii kwa wanachama 3,200, wapo pia wadhamini, na baadhi yao hawana uhusiano wowote na saccos.

Halafu mpigie aliyelipokea. Muulize kama amelifungua, kama amelipeleka kwa mtu mwingine, na kama barua pepe yake inasomwa pia kwenye simu au na msaidizi wake wa dukani. Mwombe alifute kila mahali, kisha akuandikie kwamba amefanya hivyo. Hata baada ya hapo, wewe hujui kama limefutika. Unachojua ni kwamba amekuandikia amelifuta, na hicho ndicho cha kumwambia mwanachama. Vivyo hivyo kwa sentensi inayopendwa sana, "hakuna ushahidi kwamba taarifa zimetumika vibaya". Sentensi hiyo ina uzito kama umetafuta ushahidi na una mahali pa kuutafuta. Kama hukutafuta, iache.

Sasa la kumwambia mwanachama afanye nini. Ushauri hutokana na kilichovuja. Mara nyingi taasisi hukimbilia kusema "badilisha namba yako ya siri", kwa kuwa ndilo linalokuja haraka mdomoni. Katika tukio hili namba za siri hazikuwemo kwenye faili, kwa hiyo kuibadilisha hakuzibi tundu lolote. Kibaya zaidi, ushauri huo humwandalia tapeli njia: atapiga simu kesho na kusema, "Mama, umepata meseji yetu ya kubadilisha namba ya siri? Nipo hapa nikusaidie."

Hatari ya kweli ya faili hili ni simu itakayosikika kama ya kweli. Sote tumeshapata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi wetu tunaicheka. Lakini mtu akikupigia, akakutaja kwa majina yako matatu, akakusomea namba yako ya NIDA na deni lako hadi shilingi ya mwisho, kisha akasema rejesho la mwezi huu lilipwe kwa namba mpya, hutacheka. Hapo ndipo onyo linapohitajika. Jambo la pili ni laini za simu: mwenye namba yako ya NIDA anaweza kujaribu kufanya mambo kwa jina lako, kwa hiyo ni vizuri kupiga *106# na kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Meseji za utapeli, kwa Tanzania, hupelekwa kwenye namba 15040.

Ukiyaweka pamoja, ujumbe unaweza kuwa hivi:

"SACCOS: Jumatatu jioni tulituma kimakosa, kwa mtu asiyehusika, faili lenye jina lako, simu, namba ya NIDA, akiba na mkopo. Akiba yako haijaguswa. Namba ya siri haikuwemo. Ukipigiwa na mtu anayetaja deni lako, kata simu, kisha tupigie kwa namba iliyo kwenye kitabu chako. Usitume hela."

Mahali pa "SACCOS" huwekwa jina la chama. Angalia kwamba tumesema "tulituma", maana ni sisi tuliotuma. Tumesema akiba "haijaguswa", jambo linaloweza kuthibitishwa leo kwenye vitabu. Kusema "ipo salama" ni kuahidi ya kesho. Hakuna kiungo cha kubofya, na hata namba ya simu hatukuiweka. Tapeli anaweza kunakili ujumbe huu neno kwa neno na kuweka namba yake mwishoni, lakini hawezi kubadilisha namba iliyochapwa kwenye kitabu ambacho mwanachama anacho kabatini tangu alipojiunga. Habari za *106# na 15040 tumeziacha ziende kwenye tangazo la ukutani na kwenye ujumbe wa pili, kwa sababu mtu aliyeshtuka hashiki mambo matano kwa pamoja.

Urefu nao una sababu. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160. Ikizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153 kila kimoja, na simu ya mpokeaji huviunganisha. Ujumbe wetu una herufi 284, nafasi zikihesabiwa, yaani vipande viwili. Sasa mtu akiuandika kwenye programu ya barua na kuongeza neno kama "kung'amua", programu huikunja ile alama ya ng' kuwa ya kupinda, na alama hiyo haimo katika herufi za msingi za meseji. Hapo meseji nzima hubadilishiwa mfumo wa herufi: moja hubeba 70 tu, na vipande huwa vya herufi 67. Vipande viwili vinakuwa vitano, na kwa wanachama 3,200 utalipia vipande 16,000 badala ya 6,400. Andika kwenye programu isiyopamba maandishi, na ujitumie mwenyewe kwanza.

Huduma inapokatika mambo hugeuka kidogo, kwa sababu mteja ameshajua kwamba hakuna huduma. Anachotaka kujua ni kipi bado kinafanya kazi na kipi asikiguse. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Kukatika kwa namna hiyo husubiri meli ya matengenezo ifike, iutafute waya na kuuinua, kwa hiyo aliyeko nchi kavu hana saa ya kuahidi. Anachoweza kuahidi ni saa ya taarifa inayofuata: "Tutakuandikia tena saa 10 jioni, hata kama hali haijabadilika." Na kwa huduma za fedha, neno la kwanza liwe "usirudie kutuma". Muamala ulioganda mara nyingi hukamilika wenyewe baadaye, na aliyerudia mara tatu hujikuta amelipa ada ya shule mara tatu. Ikiwa programu ya simu imekwama lakini menyu ya nyota na reli inaitika, sema hivyo waziwazi, maana menyu ile haihitaji intaneti ya mteja.

Turudi kwenye saccos, kuna suala la muda. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi haraka iwezekanavyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 imetaja saa kabisa: Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu kujua. Tukio likigundulika Jumanne saa 3 asubuhi, muda unaisha Ijumaa saa 3 asubuhi, hata kama uchunguzi haujakamilika. Mwenye taarifa naye aandikiwe, isipokuwa kama zilikuwa zimefungwa kwa namna ambayo aliyezipata hawezi kuzisoma. Faili la Excel lenye neno la siri linaweza kukusaidia hapo, mradi neno lenyewe hukuliandika katika barua pepe ileile iliyobeba faili. Hilo nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Kabla meseji hazijaondoka, watu wa mapokezi na wapokea simu wawe na karatasi moja yenye majibu, pamoja na jibu la swali ambalo hakika litaulizwa: ni nani aliyepelekewa? Jina lake lisitajwe kwa simu. Inatosha kusema ni mfanyabiashara aliyewahi kufanya kazi na ofisi, na kwamba ametuandikia amelifuta faili.

Wadhamini waandikiwe ujumbe wao. Kumpelekea mdhamini ule wa wanachama ni kumtisha kwa akiba na mkopo asiokuwa nao, na tena hana kitabu cha kutazama namba. Mwambie kilichovuja ni jina lake na simu yake tu, kwamba akipigiwa kudaiwa mkopo asilipe chochote kwa simu, na kwamba namba sahihi ya ofisi aichukue kwa yule aliyemdhamini. Jina la aliyemdhamini lisiandikwe humo. Simu hushikwa na wengi nyumbani, na si kila mtu pale anajua kwamba baba aliweka saini.