Kapasita hupunguza ampea za laini, si kazi ya mota

Malalamiko kuhusu tozo ya pawa fakta ndogo yanaongezeka, na papo hapo vinauzwa vikapasita vya kuchomeka ukutani eti vinashusha bili ya nyumbani. Havishushi. Mita ya nyumbani kwa kawaida huhesabu nguvu halisi tu, na hiyo kapasita haiigusi.

Chukua mota ya fezi moja, volti 230, 50 Hz, inayovuta ampea 17.4. Volti mara ampea ni 4.0 kVA, nguvu jumla. Watimita lakini inaonyesha kilowati 2.4: hiyo ndiyo nguvu halisi, inayogeuka kazi na joto. Ukigawanya 2.4 kwa 4.0 unapata pawa fakta, 0.6.

Wengi hutoa 2.4 kwenye 4.0 na kudai 1.6 imepotea. Sivyo. Koili za mota huchukua nishati ya kujenga usumaku, kisha huirudisha kwenye laini, mara mia kila sekunde. Umeme huu wa kwenda na kurudi ndio nguvu rejeshi, na hujumlishwa kama pande za pembetatu mraba:

4.0² = 2.4² + 3.2²

Kwa hiyo nguvu rejeshi ni 3.2 kVAr. Haifanyi kazi, ila waya lazima uibebe.

Kapasita iliyofungwa sambamba na mota hutoa pale koili inapochukua, na huchukua inaporudisha. Nguvu rejeshi inayotoa ni Q, ambapo f ni Hz za umeme, C ni faradi za kapasita na V ni volti:

Q = 2πfCV²

Kwa mikrofaradi 150 tunapata 2.5 kVAr, hivyo laini inabaki na 0.7 tu. Nguvu jumla inakuwa 2.5 kVA, pawa fakta 0.96, ampea 10.9. Joto linalopotea kwenye waya wa laini hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo linashuka hadi kama asilimia 39 ya lilivyokuwa. Kwenye ankara ananufaika mteja ambaye mkataba wake unahesabu kVA au una tozo ya pawa fakta. Asome mkataba kabla ya kununua chochote.

Pima kwa klampu mita upande wa laini, kabla ya kapasita. Ukipima kati ya kapasita na mota utasoma 17.4 ileile, kisha utuletee lalamiko kwamba kapasita ni mbovu.

Kuzidisha nako hakusaidii. Mikrofaradi 300 hutoa 5.0 kVAr, hivyo 1.8 kVAr za kapasita zinabaki ziada kwenye laini. Ampea zinapanda hadi 13 na pawa fakta inarudi 0.8, safari hii mkondo ukitangulia volti.

Tumia kapasita iliyotengenezwa kukaa kwenye umeme muda wote. Ile ya kuwashia mota hustahimili sekunde chache tu. Ikiachwa kwenye laini hupasuka. Iwe na rezista ya kuondoa chaji, na baada ya kuzima, subiri, kisha pima volti kwenye vituo vyake kabla ya kugusa.