Herufi moja katika kromosomu ya 11: selimundu inavyonakiliwa na kurithiwa

Katika kliniki za selimundu hapa Dar es Salaam, wazazi wengi huja na swali hili: "Sisi wote wazima, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuongezewa damu. Huu ugonjwa mtoto kautoa wapi?" Swali likikosa jibu, watu hulijaza wenyewe: mara karogwa, mara mama alikula nini akiwa mjamzito, mara upande wa mume unanong'ona kuhusu upande wa mke. Jibu lenyewe limo katika namna seli inavyonakili vinasaba vyake.

Kila seli ya mwili yenye kiini ina kromosomu 46: 23 zimetoka kwa mama na 23 kwa baba. Ndani ya kila kromosomu kuna DNA, yaani nyuzi mbili ndefu zilizosokotana, ambazo taarifa zake huandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. A hukaa mkabala na T, na G hukaa mkabala na C. Kwa hiyo ukiujua uzi mmoja, wa pili umeshaujua. Seti inayotoka kwa mzazi mmoja ina herufi takriban bilioni 3, na ukijumlisha seti zote mbili ni jozi bilioni 6 ambazo lazima zinakiliwe kabla seli haijagawanyika.

Kazi hiyo huanzia sehemu maelfu kwa maelfu kwa wakati mmoja. Kimeng'enya kimoja huzitenganisha nyuzi mbili, kisha vingine hupita juu ya kila uzi vikipachika herufi inayostahili, kwa kasi ya herufi 50 hivi kwa sekunde. Yote humalizika kwa takriban saa nane. Kinachopatikana ni DNA mbili, na kila moja ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Matthew Meselson na Franklin Stahl walilithibitisha hilo mwaka 1958 kwa kutumia bakteria. Jambo hili lina uzito mkubwa, kwa sababu ule uzi wa zamani ndio seli huutumia kusahihisha uzi mpya.

Makosa hutokea. Kimeng'enya cha kunakili hukosea mara moja hivi katika kila herufi 100,000, lakini chenyewe hurudi nyuma na kufuta mengi ya makosa hayo papo hapo. Yanayoponyoka hutafutwa na kundi lingine la protini zinazokagua mahali ambapo herufi mbili hazishikani vizuri. Mwishoni hubaki kosa moja au pungufu katika kila herufi bilioni.

Ukaguzi huo una ukomo wake. Tuseme mkabala na T ya uzi wa zamani imepachikwa T badala ya A. Ikigunduliwa kabla seli haijanakili tena, huondolewa. Isipogunduliwa, seli ikinakili safari inayofuata, ile T ya kimakosa huwa nayo ni uzi wa zamani, na hupewa A ya kukaa nayo. Sasa jozi imekamilika, hakuna kinachopwaya, na wakaguzi hawana cha kushuku. Kuanzia hapo kosa hunakiliwa kwa uaminifu uleule kama herufi sahihi.

Selimundu ni kosa la namna hiyo. Katika kromosomu ya 11 kuna jeni ya kutengeneza sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Mwanzoni mwa jeni hiyo, tofauti kati ya nakala ya kawaida, iitwayo A, na nakala ya selimundu, iitwayo S, ni hii:

```
A:  ACT CCT GAG GAG AAG
S:  ACT CCT GTG GAG AAG
```

Herufi moja tu ya DNA, A imekuwa T. Kwa badiliko hilo, kiungo kimoja cha protini kiitwacho asidi ya glutamiki hubadilishwa na kingine kiitwacho valini. Himoglobini ya namna hii ikipoteza oksijeni hugandamana na kuwa nyuzi ngumu, chembe inapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi siku 10 hadi 20, na ndiyo maana mgonjwa huishiwa damu. Badiliko hilo lilitokea barani Afrika maelfu ya miaka iliyopita, nalo likaenea kwa sababu mwenye nakala moja tu ya S hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo wazazi hawakuharibu kitu. Waliipokea S ikiwa imeshanakiliwa vizazi na vizazi.

Tuchukue wanandoa wa Temeke, wote wawili AS, yaani wabebaji wenye nakala moja ya A na moja ya S. Seli za korodani za baba zinapotengeneza mbegu, DNA hunakiliwa mara moja lakini seli hugawanyika mara mbili. Nakala zake mbili za kromosomu ya 11, moja yenye A na moja yenye S, huwa nne, kisha hugawanywa katika mbegu nne: mbili zina A, mbili zina S. Kwa mama, mgawanyo kama huo hutoa yai moja tu linaloendelea, lenye A au S kwa nafasi sawa. Katika kila ujauzito, basi, kuna uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto AA, 50 wa AS na 25 wa SS, yaani mwenye ugonjwa.

Hapa ndipo wengi hupotea. Aliyezaa mtoto mmoja SS hudhani watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo, kila ujauzito huanza upya na asilimia 25 zilezile. Wakizaa watoto wanne, uwezekano wa kupata angalau mmoja SS ni asilimia 68. Lakini pia familia karibu moja katika tatu za namna hii zitapata wanne wasio na SS hata mmoja, na hazitajua kwamba ni wabebaji mpaka wajukuu wazaliwe.

Kwa anayetaka kujua hali yake kabla ya ndoa, aombe kipimo sahihi. Kipimo cha haraka cha kuona kama chembe zinapinda hakitofautishi AS na SS, na kwa mtoto mchanga kinaweza kudanganya kwa sababu damu yake bado imejaa himoglobini ya tumboni. Kinachohitajika ni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kama elektroforesisi. Mbebaji huonekana na himoglobini A zaidi ya nusu na S karibu asilimia 40. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu iliyopita aseme mapema, kwani damu ya mchangiaji huchanganya majibu. Na mtoto akitoka SS ilhali mzazi mmoja ana karatasi ya AA, kinachorudiwa kwanza ni vipimo. Ugomvi wa nani baba haujafika.

Kuna wanaouliza kuhusu kupandikizwa uboho, tiba ambayo sasa inafanyika hata Dodoma. Ikifanikiwa, seli za uboho uliopandikizwa huendelea kujinakili na kuzalisha damu yenye himoglobini ya mchangiaji, na mgonjwa hupona. Mayai au mbegu zake hazijaguswa na jeni mpya: bado kila moja ina S. Kipimo cha damu kitaonesha hali ya mchangiaji, kwa hiyo anapopanga kuzaa asiitegemee karatasi hiyo. Ahesabu kuwa ni SS, na mwenzake ndiye apimwe: akiwa AA watoto wote watakuwa AS, akiwa AS uwezekano wa SS ni nusu kwa kila ujauzito.