Mkimya wa Mwanza: lini useme shikamoo, lini kichwa kinatosha

Mkimya tunayemzungumzia hapa hawaogopi watu wala hana kiburi. Maongezi mengi humchosha tu, hata na anaowapenda. Majirani wengi hawalijui hilo, na yeye mwenyewe huamini mambo yanayomzidishia uchovu.

Dhana: Ukimsalimia mtu, lazima mpige stori.

Ukweli: Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo: yote huisha kabla hujapiga hatua kumi. Kinachokunasa ni miguu. Ukisimama na kumgeukia mtu mwili mzima, umeshamwambia una nafasi. Punguza mwendo, mtazame, mtaje: "Shikamoo mama Neema." Akishaitikia, aga ungali unatembea: "Haya mama, nawahi mwaloni." Usiulize habari za watoto kama huna muda wa kusikiliza jibu, maana hapo umefungua mazungumzo wewe mwenyewe.

Dhana: Ukichoka, kutikisa kichwa kunamtosha yeyote.

Ukweli: Kwa mtu mzima unayekutana naye mara ya kwanza siku hiyo, hakutoshi. Atakuona una dharau, na habari itafika nyumbani kwenu kabla yako. Kichwa kinamfaa rika lako, aliye ng'ambo ya barabara, anayeongea na simu, au mtu mliyekwisha kusalimiana. Lakini macho yakutane kwanza, kisha kichwa kishuke kidogo, na mkono kifuani ukipenda. Wengi hukosea hapa: wanainamisha kichwa huku macho yako kwenye simu. Hiyo haihesabiki kuwa salamu.

Chukua asubuhi ya kwenda kununua dagaa Mwaloni, Kirumba. Vijana wa bodaboda wako kijiweni sita: "Habari za asubuhi, wakuu" moja inawatosha wote, huna haja ya kumpa kila mmoja mkono. Mbeba mzigo mwenye gunia kichwani mpishe njia na umpe ishara ya kichwa. Naye hana pumzi ya kuongea. Kwa bibi muuza dagaa, shikamoo itangulie bei. Ukijua Kisukuma, "mwangaluka" itamfurahisha zaidi.

Huyo bibi ndiye wa kumwekea dakika zako tano. Ndiye atakayekwambia dagaa wapi walianikwa kwenye chanja na wapi walianikwa mchangani, ambao utawatafuna na mchanga. Ukizimaliza nguvu zako kijiweni, kwake utafika unataka kuondoka tu. Wakati wa kurudi, wale wale wa asubuhi wanatosheka na kichwa, au "za tangu asubuhi" kwa wazee.

Dhana: Mkimya akienda msibani ni lazima aongee na kila mtu.

Ukweli: Wafiwa wape pole kwa mdomo, mmoja mmoja. Waliokaa kwenye mkeka wasalimie kwa pamoja, kisha keti. Kukaa kwako kimya pale ndiko kuhani kwenyewe, na hakuna atakayekudai maneno.