Faida ya milioni 15, na bado mradi haulipi

Tangu Julai, kila andiko la mradi linaloombewa zaidi ya shilingi milioni 20 kwenye mfuko wetu wa mikopo linatakiwa kuja na jedwali la thamani halisi ya sasa. Tangu hapo dirisha la malalamiko halijapumzika. Lalamiko ni lile lile, sauti tu ndiyo inabadilika: "Mradi wetu una faida, tumeonyesha kwa hesabu, na mmeukataa." Ninaamini wanaolalamika wana nia njema. Ila wengi wanajibu swali ambalo hatukuwauliza.

Nichukue jalada moja la mkoa wa Singida, namba zake nikizirahisisha. Kikundi kinataka mashine ya kukamua alizeti pamoja na chujio, banda na kuvuta umeme, vyote kwa milioni 30. Hakinunui alizeti: mkulima analeta zake, analipia ukamuaji, na mashudu yanabaki kwa kikundi, ambacho kinayauza kwa wafugaji. Ukishatoa mshahara wa fundi, umeme, vipuri na kodi, kinabaki milioni 6 mwaka wa kwanza na milioni 9 kila mwaka kuanzia wa pili hadi wa tano. Mwaka wa tano mashine inauzwa kwa milioni 3, kwa hiyo mwaka huo unaingiza 12.

Katibu wa kikundi alijumlisha: 6, 9, 9, 9 na 12 ni 45. Toa 30, faida 15. Chini yake akapiga mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu.

Kujumlisha huko ndiko kosa lilipo. Milioni 12 za mwaka wa tano si milioni 12 za leo, na sababu si kupanda kwa bei peke yake, kama wengi wanavyodhani. Hata bei zisingepanda kabisa, aliye na hela leo anaweza kuiweka mahali ikazaa, na anayeingojea miaka mitano hawezi. Ndiyo maana kabla ya kujumlisha, pesa ya kila mwaka inarudishwa kwanza kwenye thamani yake ya leo: ya mwaka wa kwanza unaigawanya mara moja kwa moja jumlisha kiwango cha punguzo, yaani kwa 1.15 kiwango kikiwa asilimia 15, ya mwaka wa pili unaigawanya hivyo mara mbili, na kuendelea. Jumla ya hizo, ukitoa gharama ya kuanzia, ndiyo thamani halisi ya sasa. Kiwango chetu mwaka huu ni asilimia 15. Kwa kiwango hicho, milioni 45 za katibu zinakuwa milioni 29.05 za leo. Toa 30, unabaki na hasi ya shilingi 948,000.

Mtu akiambiwa hivyo anahisi amefanyiwa kiinimacho. Kwa hiyo pale dirishani nimeacha kugawanya, natumia daftari la deni, ambalo kila mtu analielewa.

Chukulia mradi wenyewe ni mdaiwa. Leo umekopeshwa milioni 30 kwa asilimia 15, na kila senti unayoingiza inakwenda kulipa. Mwisho wa mwaka wa kwanza deni limekuwa 34.5, unalipa 6, linabaki 28.5. Mwaka wa pili linakua hadi karibu 32.8, unalipa 9, linabaki 23.8. Mwaka wa tatu linabaki 18.3, wa nne 12.1. Mwaka wa tano deni limefika 13.9, unalipa 12 za mwisho, mashine nayo imeshauzwa. Daftari bado linadai milioni 1.9. Mradi wenye "faida ya milioni 15" umekufa na deni.

Sasa fungua daftari lile lile kwa asilimia 12. Baada ya mwaka wa kwanza deni ni 27.6, kisha 21.9, 15.5 na 8.4. Mwaka wa tano limekua hadi 9.4, mradi unaingiza 12, na mfukoni kinabaki karibu milioni 2.6. Ukizirudisha hizo 2.6 miaka mitano nyuma kwa asilimia 12, unapata 1,467,000, na hiyo ndiyo thamani halisi ya sasa ya mradi kwa kiwango hicho. Zile 948,000 hasi nazo ni lile deni la 1.9 lililorudishwa leo kwa asilimia 15. Hakuna kiinimacho.

Hapo ndipo sababu ya kukubali mradi wenye jibu chanya inapoonekana. Jibu chanya maana yake mradi umerudisha mtaji wote, umeulipa mtaji huo kile ambacho ungezaa kwingine, na bado kimebaki kitu. Liangalie pia kama bei sokoni. Ili uweke fedha mahali panapolipa asilimia 12 na uweze kutoa 6, 9, 9, 9 na 12 katika miaka hiyo hiyo, unahitaji kuweka milioni 31.467 leo. Mradi unakuuzia mapato yale yale kwa 30. Nunua. Panapolipa asilimia 15, mapato hayo yanapatikana kwa 29.05. Kwa nini basi ulipe 30?

Na tafadhali, sifuri si hasara. Nimelieleza hili mara nyingi mno. Mradi wenye sifuri umelipa kila kitu, pamoja na ujira wa mtaji kwa kiwango chote kilichowekwa. Haukukuacha tajiri zaidi ya hapo, basi.

Swali linalostahili kugombaniwa ni hili: asilimia 15 imetoka wapi? Haikutoka hewani, na si adhabu. Kiwango cha punguzo ni kile ambacho fedha hiyo ingezaa mahali pengine penye hatari inayofanana. Pa kuanzia ni hati fungani za serikali zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu, kwa sababu huko mkopeshaji analala usingizi. Mwaka 2022 riba ya hati fungani mpya za miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Mwenye fedha anayeanzia hapo alitakiwa siku ile ile kushusha kizingiti chake, na miradi iliyokuwa inaangukia nje ikaanza kuingia, bila mashine hata moja kubadilika. Juu ya hapo inaongezwa hatari ya kazi yenyewe: mvua kugoma, umeme kukatika msimu wa mavuno, mtu wa pili kufungua mashine mita 200 kutoka kwako.

Wengine hutuambia, "Nusu ya hela ni michango yetu wenyewe, haina riba, kwa hiyo kwa nusu hiyo wekeni sifuri." Hapana. Michango yenu nayo ingeweza kukaa kwenye hati fungani au kununua ng'ombe wa kunenepesha. Hela isiyodaiwa na mtu haimaanishi haina gharama.

Kosa ninalolikuta karibu kila wiki ni kutoa riba ya mkopo ndani ya mapato ya kila mwaka, halafu kupunguza kwa asilimia 15 tena. Hapo riba umeitoza mara mbili. Angalia daftari: riba imeshahesabiwa pale deni lilipokua kutoka 30 hadi 34.5. Uchakavu wa mashine hali kadhalika. Wahasibu wanauandika kila mwaka, lakini hakuna mtu unayemkabidhi noti za uchakavu. Fedha ya mashine ilitoka siku ya kwanza, yote.

Upande wa kompyuta, mtego uko sehemu moja. Fomula ya NPV, kifupi cha Kiingereza cha thamani halisi ya sasa, kwenye jedwali la Excel inachukulia namba ya kwanza unayoipa kuwa ni ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukiweka gharama ya kuanzia ndani yake, umeisogeza mbele mwaka mzima. Jibu litabaki na alama ile ile, chanya au hasi, lakini kiasi kitakuwa si chenyewe. Gharama ikiwa B1 na mapato B2 hadi B6, andika hivi:

```
=B1+NPV(0.15,B2:B6)
```

B1 iwe na alama ya kutoa: -30000000.

Sasa nirudi Singida, kwa sababu jalada lile halikuishia hapo, na sehemu hii wenzangu ofisini hawakuifurahia. Katibu alikata rufaa kwa sentensi moja: "Bei zetu zote ni za leo." Alikuwa sahihi, nasi tulikuwa tumekosea. Asilimia 15 yetu ina mfumuko wa bei ndani yake, kwa sababu anayekopesha hujikinga na kupanda kwa bei anapotaja riba. Yeye alikuwa ameandika bei ya ukamuaji na mashudu ya leo kwa miaka yote mitano. Tulipima kitambaa cha mita kwa rula ya yadi. Tukichukua mfumuko wa asilimia 3 kwa mwaka, 6 inakuwa 6.18, 9 ya mwaka wa pili inakuwa 9.55, hadi 12 ya mwisho inayokuwa 13.91. Yapunguze hayo kwa asilimia 15 na jibu ni chanya ya milioni 1.77. Njia ya pili inafika pale pale: acha bei za leo, ila toa mfumuko kwenye kiwango. Gawanya 1.15 kwa 1.03, unapata karibu asilimia 11.65.

Bodi iliupitisha mradi, kwa tahadhari moja. Bei za mazao na mafuta ya kula hazipandi kwa adabu pamoja na mfumuko wa nchi, kwa hiyo tulijaribu hesabu upya huku mapato ya kila mwaka yakiwa yamepungua kwa sehemu ya kumi. Jibu likawa hasi ya milioni 1.4 hivi. Ndiyo maana mkopo ulitolewa kwa sharti la mkataba wa maandishi na wafugaji wanaonunua mashudu.

Kuanzia sasa fomu ya jedwali ina kisanduku kipya juu kulia: bei za leo, au bei zilizopandishwa. Weka alama moja. Ukiacha wazi, jalada linarudishwa bila kusomwa na una siku 30 za kulileta tena. Zikipita, unaanza upya na ada ya shilingi 20,000 hairudishwi. Ambatisha profoma tatu za mashine kutoka kwa wauzaji tofauti, zenye mhuri na tarehe isiyozidi siku 90. Profoma za maduka yasiyokuwepo tunazifuatilia kwa miguu, na kikundi kinachokamatwa nazo kinafungiwa miaka miwili. Rufaa inaandikwa kwa katibu wa bodi ndani ya siku 14 za kazi tangu barua ya kukataliwa, na nakala ya barua hiyo iambatishwe. Ile yenye sentensi moja tu inapokelewa pia.