Pengo kati ya alichotarajia mgonjwa na alichokipata

Wagonjwa wanajaza fomu kwamba wameridhika, lakini malalamiko hayaishi. Tupimeje?

Muulizeni mgonjwa mara mbili. Kipimo cha SERVQUAL, kilichotolewa na Parasuraman, Zeithaml na Berry mwaka 1988, kina kauli 22 zinazogusa mambo matano: majengo na vifaa, kutimiza ahadi, wepesi wa kuhudumia, ujuzi unaotia imani, na kumjali mgonjwa. Akifika mapokezi, anaipa kila kauli alama 1 hadi 7, kwa mfano: “Hospitali bora hufanya jambo kwa wakati iliouahidi.” Akiondoka, anaipima kauli hiyohiyo kuhusu hospitali yenu. Chukueni alama ya pili, mtoe ya kwanza. Jibu likiwa hasi, hapo pana pengo.

Fomu zote mbili za mgonjwa mmoja zipewe namba moja. Na tafadhali msingoje mpaka anaondoka ndipo mmuulize alitarajia nini. Aliyekaa foleni saa tatu atakujibu kwa hasira ya foleni, na pengo litaonekana kubwa kuliko lilivyo.

Tukishapata mapengo, tuanze na lililo kubwa kuliko yote?

Si lazima. Mpeni mgonjwa pointi 100 azigawe kwa yale mambo matano kulingana na uzito anaoyapa. Tuseme kwenye wepesi wa kuhudumia alitarajia 6.5, akapata 4.9: pengo ni −1.6. Kwenye kutimiza ahadi alitarajia 6.7, akapata 5.5: pengo ni −1.2. Ukiishia hapo utaajiri wahudumu wa mapokezi. Lakini wepesi ameupa pointi 20, ahadi 35. Zidisha: −1.6 × 0.20 ni −0.32, na −1.2 × 0.35 ni −0.42. Ahadi ndiyo inayomuuma zaidi.

Tutajuaje pengo hilo limetokana na nini?

Alama hazisemi, fuateni huduma yenyewe. Chukueni majibu ya maabara. Kwanza, je, uongozi unajua mgonjwa anataka kuambiwa saa kamili? Pili, kuna muda uliopangwa na kuandikwa? Tatu, unafuatwa? Linganisheni saa sampuli ilipopokelewa na saa majibu yalipotoka. Nne, mgonjwa aliambiwa nini? Maabara ikitoa majibu kwa dakika 90 kama ilivyopangwa, huku mapokezi wanasema “nusu saa tu”, mashine mpya haitaziba kitu. Kinachotakiwa ni mapokezi kutaja dakika 90.

Pengo likiwa sifuri, ina maana matibabu ni mazuri?

Hapana. Mgonjwa anaona alivyopokelewa na alivyoelezwa. Hawezi kuona kama kipimo kilisomwa sawasawa au dozi ilikuwa sahihi. Hayo hukaguliwa kwenye mafaili na wataalamu. Tena aliyetarajia 3 akapata 3 naye ana pengo sifuri, kwa hiyo kila pengo lisomwe pamoja na alama zake mbili.