Kufunga Saa na Ishara ya Ruhusa katika FPGA: Namna Mbili za Kutuliza Saketi Isiyo na Kazi

Katika saketi ya dijitali inayoongozwa na saa, kila rejista husubiri ukingo wa saa unaopanda, ndipo inakili thamani iliyopo kwenye ingizo lake. Kila mara waya unapobadilika kutoka 0 kwenda 1 umeme hutumika kuuchaji, na matumizi hayo hukadiriwa kwa fomula `P = α·C·V²·f`, ambamo `α` ni kiasi ambacho waya hubadilika hivyo kwa wastani katika kila mzunguko. Waya wa data unaweza kutulia kwa muda mrefu, lakini waya za saa hupanda na kushuka katika kila mzunguko bila kupumzika, tena zimesambaa katika eneo kubwa la chipu. Kutokana na hali hiyo, mbunifu hutamani kuituliza sehemu ambayo kwa wakati huo haina kazi. Anaweza kufanya hivyo kwa kuifunga saa ili isifike kabisa kwenye rejista, au kwa kuiacha saa ifike huku ishara ya ruhusa ikiiambia rejista ibaki na thamani yake ya zamani.

Tuchukue mfano wa chujio la sauti linaloendeshwa na saa ya megahezi 100 ndani ya Artix-7, aina ya FPGA, yaani chipu ambayo saketi yake hupangwa na mbunifu kwa msimbo. Sampuli za sauti zinafika 48,000 kwa sekunde, yaani moja katika kila mizunguko 2,083 hivi ya saa. Chujio lina namba 64 za kuzidishia sampuli, lakini hutumia saketi moja tu ya kuzidisha, kwa hiyo humaliza kila sampuli kwa mizunguko 64 na michache ya ziada. Takriban asilimia 97 ya muda wake linasubiri tu.

Jambo la kwanza linalomjia mtu aliyesoma mantiki ya milango ni kuandika hivi:

```verilog
assign clk_chujio = clk & en;
```

Mstari huu unaonekana safi, na ndani yake ndimo tatizo lote lilimo. Ishara ya ruhusa `en` hutoka kwenye rejista inayoendeshwa na `clk` hiyohiyo, kwa hiyo haiwezi kubadilika ila baada ya saa kupanda, wakati saa bado iko juu. Tuseme inafika kwenye lango nanosekunde 2 baada ya ukingo. Mzunguko ni wa nanosekunde 10, na saa hukaa juu kwa nanosekunde 5. Basi `en` inapopanda, lango hutoa mpigo wa nanosekunde 3 badala ya 5. Na inaposhuka, hutoa mpigo wa nanosekunde 2 ambao haukukusudiwa hata kidogo. Mpigo uliokatwa namna hiyo huweza kuonekana na baadhi ya rejista na kukosekana kwa nyingine, kwani huzidi kusinyaa au kupotoka unapopita kwenye waya zenye urefu tofauti. Kihesabu huruka namba, au mashine ya hali huingia katika hali ambayo hakuna aliyeiandika.

Uigaji wa kawaida wa msimbo hauonyeshi hatari hii ilivyo, kwa sababu haujui ucheleweshaji wa waya: `en` hubadilika papo hapo saa inapopanda, na mpigo huonekana una upana karibu kamili. Dalili hujitokeza kwenye bodi. Saketi hukubali leo na kukataa kesho chipu inapopata joto, au hubadili tabia baada ya kukusanya upya msimbo ambao haukuguswa, maana safari hii programu imeipitisha `en` njia nyingine.

Wapo wanaojibu kwamba wabunifu wa chipu maalumu huweka mbele ya lango lachi, kumbukumbu ya biti moja inayofunguka saa ikiwa chini, ili `en` ibadilike wakati saa iko chini tu. Ni kweli, na hilo huondoa mpigo uliokatwa. Lakini katika FPGA lango hilo hujengwa ndani ya LUT, jedwali dogo linalotekeleza mantiki, na saa inayotoka humo hupita kwenye waya za kawaida badala ya mtandao maalumu wa saa. Hufika kwenye rejista ikiwa imechelewa kuliko `clk`, na kwa kiasi kisicho sawa. Data inayotoka upande wa `clk` basi huweza kuwahi kubadilika kabla rejista ya chujio haijainakili ile ya zamani, na muda wa kushikilia, ambao data hutakiwa kutobadilika baada ya ukingo, unavunjwa. Vivado, programu ya kukusanyia msimbo wa chipu hizi, hulitambua lango la aina hii na kutoa onyo `PDRC-153`. Mimi ningelichukulia kama kosa la kurekebishwa, si onyo la kupita.

Njia ya kawaida katika FPGA ni ishara ya ruhusa:

```verilog
always @(posedge clk)
  if (en) q <= d;
```

Hapa saa haiguswi. Rejista za Artix-7 zina pini iitwayo `CE` kwa kazi hii, na `en` inayo karibu mzunguko mzima wa kutulia kabla ya ukingo unaofuata. Ikitetemeka katikati ya mzunguko hakuna linaloharibika, kwa kuwa husomwa kwenye ukingo tu. Rejista zinapotulia, mantiki yote inayozifuata nayo hutulia, na hapo ndipo sehemu kubwa ya akiba hupatikana. Kumbukumbu ya ndani inahitaji uangalifu wake: ukiacha pini yake ya `EN` ikiwa juu daima, itaendelea kusoma katika kila mzunguko hata kama hakuna anayetumia matokeo. Jambo jingine dogo ni kwamba rejista nane za slaisi moja, kikundi kidogo cha LUT na rejista, hushiriki `CE` moja, kwa hiyo ishara nyingi za ruhusa zenye rejista mbili tatu kila moja hupoteza nafasi. Amri ya Vivado `report_control_sets` huonyesha hali hiyo.

Kinachobaki kikitumia umeme ni mtandao wa saa wenyewe. Ikiwa chujio ni kubwa na linasubiri muda mrefu, saa inaweza kufungwa kihalali kwa bafa iliyotengenezwa kwa ajili hiyo:

```verilog
BUFGCE u_saa (.I(clk_mmcm), .CE(en),
              .O(clk_chujio));
```

Bafa hii haijali mabadiliko ya `CE` wakati saa iko juu, hivyo hupitisha mpigo mzima au haupitishi kabisa. Sharti lake ni kwamba `CE` isibadilike karibu mno na ukingo unaopanda, la sivyo mpigo uliokatwa unaweza kurudi. Sharti hilo ni gumu kuliko linavyoonekana: bafa iko kwenye shina la mtandao, ilhali rejista inayotoa `en` iko kwenye matawi na hupata saa kwa kuchelewa, kwa hiyo muda wa `en` kufika ni mfupi kuliko mzunguko mmoja. Pia ingizo la `BUFGCE` litoke moja kwa moja kwenye `MMCM`, saketi ya chipu inayozalisha saa, sambamba na bafa ya `clk`, wala lisitoke kwenye `clk` iliyokwisha kupita bafa nyingine. Ukizifuatanisha, saa mbili zitafika kwa nyakati tofauti na matatizo ya kushikilia yatarejea.

Bafa hizi za saa za chipu nzima ni 32 tu katika chipu ya familia hii, kwa hiyo hazigawiwi ovyo. Kwa chujio letu dogo ningetosheka na `CE` pamoja na `EN` ya kumbukumbu, kisha ningelinganisha `report_power` kabla na baada, nikitumia faili la mabadiliko ya ishara lililotoka kwenye uigaji, kwani bila faili hilo programu hukisia `α` na haiwezi kujua kwamba chujio limetulia asilimia 97 ya wakati. `BUFGCE` ningeiongeza endapo mstari wa saa katika ripoti hiyo bado ungekuwa mkubwa, na endapo sehemu kubwa yake ingetoka kwenye rejista za chujio. Umeme unaovuja ndani ya transista wakati wote hautapungua kwa njia yoyote kati ya hizi.